Kilo 38: ALu vidonge vitatu au vinne?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 13, kilo 38. Kapimwa, kakutwa na malaria. Duka la dawa wamempa ALu vitatu vitatu, wanasema vinne ni vya watu wazima na huyu bado mtoto. Jirani anasema ameshavuka dozi ya watoto. Nimsikilize nani? Na panadol nimpe moja au mbili? (Mama, Morogoro)

JIBU: Vinne, mama. Jirani yuko sahihi. Kwa ALu mpaka uko kwenye kilo 35: kuanzia hapo ni vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24, awe na miaka 12 au 60. Vitatu ni vya kilo 25 hadi chini ya 35. Kama ameshaanza vitatu, usimfidie mwenyewe nyumbani. Rudi leo kituo cha afya na pakiti yake, wampime uzito na kukupangia zilizobaki.

Hili la "bado mtoto" nimechoka kulisikia. Malaria haisomi cheti cha kuzaliwa. Darasani kwa mwanao yupo wa kilo 29 na yupo wa kilo 52, wote wana miaka 13, na mwenye duka akiwauliza umri tu atawapa dozi moja. Umri unaouona kwenye baadhi ya pakiti umewekwa kwa ajili ya mahali pasipo na mizani. Mizani ikiwepo, umri unakaa pembeni.

Linaloniudhi zaidi ni ile imani kwamba kupunguza kidonge kimoja ni kumlinda mtoto. Kwa vitatu, mwanao anapata miligramu 60 za artemeta kila mara badala ya 80, na lumefantrini nayo inapungua kwa robo. Hiyo lumefantrini ndiyo inayobaki mwilini kumalizia vimelea vilivyosalia. Homa itashuka vizuri tu, atarudi shule, nawe utaona dawa imefanya kazi. Kisha wiki ya tatu homa inarudi, na hapo utasikia "malaria sugu" au "dawa feki", na mtu wa kukuuzia mizizi hakosekani. Ikirudi hivyo, omba kipimo cha darubini, kwa sababu kile cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata baada ya vimelea kufa. Na ALu anywe na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Akimeza tumbo tupu, lumefantrini nyingi haiingii kwenye damu.

Sasa panadol: moja. Ndiyo, mtoto yuleyule ni mtu mzima kwa ALu na si mtu mzima kwa paracetamol. Hesabu yake ni miligramu 15 kwa kila kilo kwa mara moja, na 15 mara 38 ni 570. Kidonge kimoja cha 500 kinatosha, kila baada ya masaa sita akiwa na homa, visizidi vinne kwa siku. Viwili ni miligramu 1,000, karibu mara mbili ya hesabu yake, na ini ndilo linaloumia. Viwili kwa pamoja mwachie hadi afike kilo 50.

Kwa hiyo hakuna siku moja ambayo kijana "anahamia dozi ya wakubwa" kwa dawa zote. Vidonge vya TB vya watu wazima huanza kilo 25, na hata hapo idadi inaendelea kufuata uzito, kwa wazazi wake pia. Kidonge kimoja cha TLD kwa anayeishi na VVU huanza kilo 30. Kila dawa ina mpaka wake, na mpaka huo unatokana na majaribio ya dawa yenyewe.

Upo na upande wa pili, wa vijana wazito. Binti wa miaka 13 mwenye kilo 75, ukimpigia paracetamol kwa kilo unapata miligramu 1,125, zaidi ya ile 1,000 anayopewa baba yake. Hapo hesabu ya kilo inakoma. Dozi ya mtu mzima ndiyo dari, na hakuna kijana wa kuipita kwa sababu ya mwili mkubwa, labda daktari aamue kwa sababu anazozijua.

Muuzaji anayekata karatasi ya vidonge kwa mkasi bila kuuliza kilo, mwachie dawa zake. ALu huja katika pakiti zilizopangwa kwa uzito, na ya mwanao ni ile yenye vidonge 24, haijakatwa, inayosomeka kilo 35 na kuendelea.