Barua ya Umeneja Haifuti Malipo ya Saa za Ziada

Nilipopandishwa cheo na kuwa Meneja Msaidizi wa Ghala katika kampuni moja ya usambazaji jijini Dar es Salaam, barua niliyokabidhiwa ilikuwa na aya nne tu, na ya tatu ndiyo iliyonigharimu. Ilisema kwamba kuanzia tarehe hiyo nitalipwa posho ya madaraka ya shilingi 150,000 kwa mwezi, na kwamba kwa kuwa sasa mimi ni sehemu ya menejimenti, sitastahili tena malipo ya saa za ziada. Niliisaini nikiwa nimesimama, kwa furaha, bila kukaa na kupiga hesabu.

Hesabu hiyo niliipiga miezi kadhaa baadaye. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa shilingi 780,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inatumika Tanzania Bara, ina jedwali linaloeleza namna ya kupata thamani ya saa moja kwa mtu anayelipwa kwa mwezi: unagawanya mshahara wa msingi kwa 4.333 mara idadi ya saa za kawaida za wiki. Saa zangu zilikuwa 45, kwa hiyo kigawanyo ni takriban 195, na saa yangu moja ilikuwa na thamani ya shilingi 4,000. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, yaani shilingi 6,000. Nilikuwa nikitoka saa 1:30 usiku badala ya saa 11:30 jioni, siku nne kila wiki, nikisubiri malori yanayotoka bandarini. Hizo ni saa 8 kwa wiki, saa 32 kwa wiki nne, yaani shilingi 192,000. Ukiondoa ile posho, cheo kipya kilikuwa kinanipunguzia shilingi 42,000.

Uwepo wa jedwali lenyewe unajibu dai ambalo huwa tunalisikia sana maofisini, kwamba ovataimu ni ya vibarua na mtu wa mshahara wa mwezi amekwisha kulipwa kila kitu. Kama ingekuwa hivyo, sheria isingehangaika kuonyesha namna ya kuugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa saa. Zingatia tu kwamba kinachogawanywa ni mshahara wa msingi. Posho za nyumba, usafiri au madaraka haziingii, na ndiyo maana mtu mwenye posho nyingi na msingi mdogo hushangaa anapoona saa yake ni ya bei nafuu.

Suala la umeneja limo katika kifungu cha 17, nacho inafaa kisomwe polepole. Hakisemi kwamba mameneja hawalipwi. Kinawaondoa katika masharti ya saa za kazi wafanyakazi wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na ambao, pamoja na hilo, wanawajibika moja kwa moja kwa mfanyakazi wa menejimenti ya juu. Ni masharti mawili, na yote mawili lazima yatimie kwa mtu yuleyule. Afisa wa benki anayeitwa Meneja Mahusiano lakini hana hata mtu mmoja chini yake hatimizi sharti la kwanza, hata kama kadi yake ya biashara inang'aa namna gani.

Mimi sharti la kwanza lilinihusu, kwa maana nilikuwa na wapakiaji na makarani kumi na mmoja. Sharti la pili ndilo lililoniokoa, kwa sababu menejimenti ya juu nayo ina maana yake katika sheria hiyohiyo, kwenye kifungu cha 9: ni mtu ambaye kwa nafasi yake anatunga sera kwa niaba ya mwajiri na ana mamlaka ya kuingia mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi. Nilikuwa nikiwajibika kwa Meneja wa Ghala, yeye kwa Meneja wa Uendeshaji, naye kwa Mkurugenzi Mkuu. Mkataba wa hali bora uliobandikwa kwenye ubao karibu na kantini ulikuwa na saini moja tu upande wa mwajiri, ya Mkurugenzi Mkuu. Kati yangu na saini ile kulikuwa na ngazi mbili.

Nilipoenda kwa afisa rasilimali watu, mama mmoja mtaratibu sana, alinijibu, "Kaka, meneja halipwi ovataimu, hata barua umesaini." Nikamwambia, "Ni kweli mama, nimesaini, lakini hebu tuangalie nani anasaini fomu yangu ya likizo." Alifungua faili langu, akaiona saini ya Meneja wa Ghala, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba niandike. Kuhusu saini yangu kwenye barua, viwango vya chini vya ajira huhesabiwa kuwa sehemu ya mkataba, na makubaliano yaliyo chini yake hayasimami isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu au mfanyakazi anapopata kilicho bora zaidi.

Barua yangu ya madai ilikuwa ya ukurasa mmoja, ikiambatana na orodha ya tarehe, muda wa kutoka na sababu ya kubaki. Hapa ndipo madai mengi yanapokufa. Kuandika kwamba ulibaki "kama saa mbili kila siku" hakumshawishi mtu, hasa kwa kuwa mwajiri anaweza kusema hakukuomba ubaki, na sheria inataka saa za ziada zifanywe kwa makubaliano. Nilikuwa na picha za daftari la mlinzi wa getini na ujumbe wa simu wa bosi wangu, wa aina ya "usiondoke, gari la tatu liko njiani". Ujumbe huo ulikuwa na uzito kuliko maelezo yangu yote. Kiwango cha juu, kwa anayetaka kujipima, ni saa 50 za ziada katika wiki nne, na siku ya kazi isizidi saa 12 kwa jumla.

Nilikosea katika muda. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipoibuka, nami nilikuwa nimekaa kimya miezi mitano. Ningeweza kuiomba Tume iniongezee muda, lakini sikuwa na sababu ya maana zaidi ya kuogopa kuonekana mkorofi. Tulimalizana ofisini kwa malipo ya miezi miwili, shilingi 384,000, na ile miezi mitatu ya mwanzo ikapotea.

Kwa aliye meneja kwelikweli, anayeongoza watu na kuripoti kwa mkurugenzi mwenye mamlaka hayo, kinachobaki ni mkataba wake, na huyo ajadili fedha kabla hajasaini, kwa kuwa ameondolewa pia kwenye malipo ya sikukuu, ya siku ya mapumziko na ya usiku. Haki ya likizo ya mwaka yeye hajaondolewa.

Aliyenirithi pale ghalani alipewa barua iliyorekebishwa, yenye mstari mpya kwamba anawajibika moja kwa moja kwa Mkurugenzi Mkuu. Alinipigia simu kuuliza kama amekwisha. Nilimuuliza nani anampangia zamu, nani anamfanyia tathmini ya mwaka na nani anasaini likizo yake. Akacheka: "Yuleyule Meneja wa Ghala." Nikamwambia aanze leo kupiga picha daftari la getini.