Video ya korosho isiyohitaji sauti

Video ya kwanza niliyomtengenezea mama mmoja anayebangua korosho hapa Mtwara ilianza na "Habari zenu wapendwa, karibuni sana." Sekunde sita za salamu. Mtu anaipitisha kwa kidole akiwa kwenye daladala, simu imezimwa sauti, anachoona ni mdomo unaocheza. Kwenye takwimu za ile akaunti, mstari wa watazamaji ulianguka kabla salamu haijaisha.

Nikarudi kwa mama, safari hii na skripti isiyo na neno hata moja la kusema. Siku hizi naanza kwa kujiuliza: kwenye picha hii kuna kitu gani ambacho mtu atataka kujua mwisho wake? Kwa korosho jibu lilikuwa karibu. Ukigonga vibaya, punje inavunjika, na iliyovunjika haiuziki bei ya nzima. Basi picha ya kwanza ikawa vidole vyenye masizi vimeshika korosho juu ya gogo, kigongo kimeinuliwa, na maneno mawili tu: "Itatoka nzima?"

Mwanzoni nilikuwa nimeandika "Korosho zetu zinabanguliwa kwa mkono bila kutumia mashine". Hesabu herufi zake pamoja na nafasi: 57. Mimi hupimia herufi 12 kwa sekunde, kwa hiyo sentensi hiyo inataka karibu sekunde tano, na maneno yetu ni marefu, jicho halilimezi "zinabanguliwa" kwa mara moja. Halafu mkono wenyewe si unaonekana? Maandishi yabebe kile ambacho picha haiwezi kukisema: swali, bei, mahali. Na uyaandike mwenyewe kwa mkono. Yale yanayojitokeza yenyewe kutoka kwenye sauti huharibu Kiswahili vibaya, achilia mbali lafudhi ya kwetu.

Skripti nzima ilikuwa ya sekunde 12. Mbili za kwanza kigongo kiko juu na swali liko kwenye skrini. Kinashuka, ganda linafunguka, punje inatoka nzima, mama anaitupia kwenye ungo. Hapo ndipo panatokea "Robo kilo 6,000, Shangani". Korosho ya pili inavunjika: "Hii tunakula wenyewe." Kisha anaweka ya tatu, anainua kigongo, maandishi yanasema "Na hii…" na video inakatika hapo hapo. Inapoanza upya yenyewe, macho yanakutana na "Itatoka nzima?" na sentensi inakuwa moja. Ndiyo maana bei nimeiweka katikati. Ukiiweka mwishoni kwenye ubao wenye namba ya simu, umemwambia mtu kwamba imekwisha, aende zake.

Kuunganisha mwisho na mwanzo kulinitesa kuliko kuandika. Mara ya kwanza nilipiga picha ya kufungulia asubuhi, ya kufungia baada ya chakula cha mchana. Gogo lilikuwa lile lile, mama yule yule, lakini kivuli cha mkorosho kilikuwa kimehamia upande wa pili, na kanga ya mama ilikuwa imefungwa upya. Kila video ilipojirudia, kivuli kiliruka. Dawa yake ni kuweka simu kwenye stendi, usiiguse, umwache mtu abangue korosho tatu mfululizo bila kusimama. Unaanzia kigongo kikiwa juu ya ya kwanza, unakatia kikiwa kimefika urefu ule ule juu ya ya tatu. Ukikagua, usiangalie katikati, angalia pembeni mwa picha. Mruko huonekana huko kwanza. Na sauti ya kigongo kinapogonga usiifute, wapo wanaosikiliza, ila usiikate katikati ya mlio.

Kosa jingine la kijinga: maandishi niliyaweka chini kabisa. Jina la akaunti na maelezo ya video yakayafunika, ikabaki "Itatoka" peke yake. Sasa naacha robo ya chini wazi, na upande wa kulia penye vitufe pia. Nyuma ya herufi naweka kisanduku cheusi, kwa sababu herufi nyeupe juu ya punje za korosho, kwenye jua la saa saba, hakuna anayezisoma.

Kabla ya kuipandisha nilimpa simu kijana wa bodaboda, sauti nimezima, sikumweleza kitu. Akatazama, akanirudishia. "Mama kabangua nne, mbili zimevunjika." Kwenye video zimo mbili tu zilizobanguliwa; aliitazama mara mbili bila kugundua kwamba imeanza upya. Nikamuuliza robo kilo ni bei gani, akatikisa kichwa. Ile bei nilikuwa nimeiachia sekunde moja na nusu. Nikarudi nikaipa tatu, mama akiwa bado anachambua kwenye ungo.