Anzeni na nambari ya muamala, si jina

Wiki hii nimewaona wawili wenu mkimwambia mpangaji "kodi yako haijaingia" baada ya kutafuta jina lake tu. Wadogo zangu, nilishawaambia haya. Nayarudia kwa sababu najua yanakoishia.

1. Mwombeni nambari ya muamala wa M-Pesa, ile yenye jumla ya herufi na tarakimu kumi. Tatu za mwanzo hubeba tarehe. SC67KQ2M4T ni ya 6 Machi 2024: S ni mwaka 2024, C ni mwezi wa tatu, 6 ni siku. Kuanzia tarehe 10 siku huandikwa kwa herufi, A ikiwa 10, kwa hiyo nafasi ya tatu haina sifuri kamwe. Mkiona duara pale ni O, tarehe 24. Anayedai alilipa Aprili kwa nambari ya Machi, mwulizeni tena kabla hamjafungua faili.

2. Itafuteni kwenye taarifa ya Paybill ya mwenye nyumba, safu ya Receipt No. Ujumbe wa simu unaweza kughushiwa, na daftari letu la wapangaji ni kazi ya mikono yetu wenyewe.

Hilo la daftari lilinifunza kwa uchungu. Mama mmoja wa chumba B41 alidaiwa 18,000 za Machi. Alisisitiza amelipa. Nilifungua daftari, nikachuja B41, sikuona kitu, nikamwandikia mwenye nyumba kwamba hajalipa. Mlango ukatiwa kufuli. Mama na watoto wawili walilala kwa jirani siku mbili. Siku ya tatu akaja ofisini, akaniwekea simu mezani bila kunisalimu. Nikaingiza nambari ya muamala iliyokuwa kwenye ujumbe wake katika taarifa nzima ya Paybill, bila kuchuja chumba, na mstari ukatokea papo hapo: 18,000, tarehe 6, akaunti B14. Alikosea kupanga tarakimu mbili. Mfumo wetu ukazihesabia B14, ambaye mwezi ule alionekana amelipa mara mbili, nami sikujiuliza kwa nini. Pesa zilikuwa kwa mwenye nyumba muda wote. Nilimwomba mama msamaha, kufuli ikafunguliwa siku hiyo, lakini zile siku mbili sikuweza kumrudishia.

Ndiyo maana mkikosa nambari, tafuteni kiasi na saa kwenye taarifa yote, kisha mwangalie vyumba vyenye salio la ziada lisiloelezeka.

3. Mkiupata mstari, endeleeni kusoma hadi leo. Muamala ukibatilishwa, urejeshaji huwa na mstari wake wa baadaye, na asiyefika huko huthibitisha pesa ambazo hazipo tena.

4. Jibu lenu liwe na nambari, tarehe na saa, kiasi, na akaunti kama ilivyoandikwa na mlipaji, hata kama ameikosea. Faili la chumba C7 nalitaka kesho asubuhi likiwa na hayo manne, na mpangaji asiambiwe neno kabla sijaliona.