Nilisubiri mistari ikatane

Wiki jana mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniandikia: "Kaka, nabakiwa na elfu tatu kila mwezi. Ninunue Safaricom sasa, au nisubiri mstari wa siku 50 uupite ule wa siku 200?" Mistari hiyo huchorwa kwenye chati ya bei: mmoja ni wastani wa bei ya hisa kwa siku 50 zilizopita, mwingine kwa siku 200, na wa 50 ukipita juu wengi huona ni ishara ya kununua. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Aliyewahi kusubiri ni mimi.

Safaricom ilikuwa imevuka shilingi 40 mwaka 2021, ikaanza kuporomoka. Nami nilikuwa nimejifunza chati usiku kwenye simu, nikajiona mjanja: sinunui mpaka mistari ikatane. Elfu tatu zangu nikaziacha kwenye simu. Unadhani zilikaa? Gesi ilizila, karo ya mdogo wangu ikazila, matanga mawili yakamaliza. Mwishoni mwa 2023, hisa ilipokuwa chini ya shilingi 15, mimi nilikuwa na mia nane na ushee.

Mistari ilipokatana, bei ilishapanda. Ndivyo inavyokuwa, kwa sababu wastani wa siku 200 za soko umebeba bei za miezi tisa, kumi hivi, na hauwezi kugeuka haraka. Nikajikamua elfu ishirini, nikanunua. Bei ikarudi chini, nikaogopa, nikauza. Ada zilikuwa karibu asilimia 2 kuingia na karibu 2 tena kutoka, kwa hiyo kama mia nane zilienda hata kabla ya hasara ya bei yenyewe. Bado zinaniuma.

Sasa tazama elfu tatu hizo zikinunua kila mwezi, bei ikiwa 30, kisha 20, kisha 15. Tuache ada kando. Unapata hisa 100, halafu 150, halafu 200: jumla 450 kwa shilingi 9,000, yaani 20 kila moja. Wastani wa zile bei tatu ni 21 na senti 67. Hukubashiri chochote, pesa ileile ilinunua nyingi zaidi bei iliposhuka. Zamani hesabu hii ilikuwa ngumu kuifuata kwa sababu soko la Nairobi liliuza kwa mafungu ya hisa 100, lakini tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja.

Ila usije ukanunua kampuni moja kwa kiapo. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa sokoni Julai 2020, zikarudi Januari 2025. Aliyekuwa akizikusanya kila mwezi asingeweza kuuza hata moja akiwa na mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo nilimwambia mwalimu aanze na akiba ya miezi mitatu ya matumizi, kisha elfu tatu zigawanywe kwa zamu: mwezi huu Safaricom, ujao benki.

Mshahara wake huingia tarehe 28. Tumekubaliana oda iwekwe tarehe 29, na chati isifunguliwe kabla. Mimi yangu bado naifungua.