Kulipa kodi ya nyumba kwa benki: nitunze nini?

"Mwenye nyumba hapa Tabata hataki tena kodi mkononi, anasema tuweke benki na tutunze ushahidi. Meseji ya simu inatosha?"

Meseji peke yake haitoshi, ndugu. Inaonyesha pesa imetoka, lakini haisemi ni ya chumba gani wala miezi ipi, na simu ikiibiwa inaondoka nayo.

Kwanza mwombe namba ya akaunti kwa maandishi, pamoja na jina la akaunti. Kama jina si lile la kwenye mkataba, tuseme ni la mtoto wake, aandike na kusaini kwamba malipo ya huko ni kodi yako.

Tuseme kodi ni 200,000 kwa mwezi na unalipa miezi 6. Tuma 1,200,000 kamili. Makato yasitoke humo, la sivyo utaonekana unadaiwa. Kwenye maelezo ya malipo andika "KODI CHUMBA 4 JAN-JUNI". Ukitumia laini ya mkeo, litatokea jina lake, kwa hiyo jina lako liwepo pia kwenye maelezo. Hakiki jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri.

Ukilipia kaunta au kwa wakala, ipige picha risiti siku hiyohiyo, maana karatasi ile hufifia. Halafu bado mdai stakabadhi ya mwenye nyumba.

Ukipata meseji "mimi mwenye nyumba wako, kodi tuma namba hii", usitume. Mpigie kwa namba yake ya zamani.