Stroberi za ndoo: majani tele, matunda madogo

"Nimepanga ndoo za stroberi ghorofa nne hapa Limuru. Majani yamejaa, kamba zinaning'inia kila upande, lakini matunda ni kama punje za mahindi. Naweka yurea kila wiki. Nakosea wapi?"

Ndugu yangu, anza na hizo kamba. Kila moja inabeba mche mchanga unaonyonyeshwa na mama yake, na sukari inayokwenda huko haifiki kwenye tunda. Pitia ndoo kila wiki na mkasi, uzikate karibu na shina zikiwa bado nyembamba. Ukitaka miche, teua mmea mmoja tu wa kuzaa kamba, ubane kitoto cha kwanza kwenye kopo la udongo, kisha ukikate kikishashika mizizi, kama baada ya mwezi.

Yurea iache kabisa. Ni naitrojeni tupu, ndiyo maana unavuna majani. Maua yakianza, tumia mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi, nusu ya kipimo cha pakiti, kila wiki mbili, juu ya udongo uliolowa.

Halafu chomeka kidole kwenye ndoo ya juu saa nane mchana. Kwangu ilikuwa kavu kabisa huku ya chini ikitota, na tunda likikosa maji linapojaa haliongezeki tena. Siku hizi namwagilia kila ghorofa peke yake.

Tunda likiwa limepinda, mbegu zimesongamana upande mmoja, hapo tatizo ni uchavushaji: pitisha brashi laini katikati ya ua.