Nina miaka 44, ndo nimepata ajira ya mkataba, akiba sina. Nimechelewa sana?

Ndugu yangu, anza na NSSF kabla hujafikiria viwanja. Pensheni ya kila mwezi inataka michango isiyopungua miezi 180, na wewe hadi 60 umebakiwa na miezi 192, yaani una nafasi ya kukosa miezi 12 tu. Kwahiyo kila baada ya miezi mitatu omba taarifa yako ya michango uhesabu miezi, mana kuna waajiri wanakata kwenye mshahara alafu hawapeleki (mi ilinikuta, miezi saba hewa, nikaja kugundua nimeshaacha kazi). Mkataba ukiisha katikati, usikae bure, endelea kuchangia mwenyewe kama mtu aliyejiajiri.

Pembeni weka laki 3 kila mwezi kwenye mfuko wa uwekezaji au hatifungani. Tuseme inakupa asilimia 10 kwa mwaka na faida unairudisha humohumo, ukifika 60 una kama milioni 141, ila ukisubiri hadi 49 unaishia kwenye milioni 71 hivi. Na usisahau mfumuko wa bei utazila kidogo, so mshahara ukipanda nawe ongeza.